Kufasiri hati ya Kifaransa ya kuuza kiwanja: dalili za tafsiri iliyokosea, chanzo chake na jinsi ya kuirekebisha

Kuna kiwanja Ufaransa. Mume na mke walikinunua mwaka 2009, mume akafariki mwaka 2018, na sasa mjane mwenye umri wa miaka 72 na watoto wake wawili wanakiuza kwa yuro 60,000. Mtoto wa kiume anaishi karibu na mama. Binti ameolewa Mombasa na hajui Kifaransa cha kutosha kusoma hati. Notari amemtumia rasimu ya hati ya mauzo pamoja na hati ya uwakilishi ya kutia sahihi, ili mtu mwingine asaini kwa niaba yake siku ya mauzo. Kabla ya kuweka sahihi, binti anataka kujua anakubali nini. Familia hii nimeitunga, lakini vifungu nitakavyovitaja ndivyo vinavyojaa katika hati za kweli za namna hii.

Hati yenyewe itabaki ya Kifaransa. Tangu amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, hati rasmi za Ufaransa huandikwa kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiswahili haichukui nafasi yake. Kazi ya tafsiri ni moja tu: binti aelewe kile kile ambacho mama na kaka yake wataelewa mbele ya notari. Kwa hiyo njia bora ya kuipima ni kumpa aisome, kisha akueleze kwa maneno yake: nani anauza, anauza nini, eneo ni kubwa kiasi gani, nani ana haki ya kupita, na yeye atapata shilingi ngapi. Maswali atakayouliza ndiyo dalili. Hapa chini nimeyapanga kama yanavyokuja, na kila swali lina chanzo chake ndani ya Kifaransa.

Dalili ya kwanza: "Mbona wanasema jengo? Si tuliacha kiwanja kitupu?"

Chanzo ni neno "immeuble". Mtaani Ufaransa neno hilo humaanisha jengo la ghorofa, na ndivyo kamusi nyingi zinavyolitafsiri. Katika sheria ya Kifaransa ni mali yoyote isiyohamishika, na ardhi tupu ni ya kwanza katika orodha hiyo. Hati ya kiwanja kisicho na hata kibanda inaweza kurudia "l'immeuble" mara nyingi. Mfasiri akiandika "jengo", binti ataanza kushuku kwamba kaka yake alijenga bila kumwambia.

Andika "mali isiyohamishika" pale neno linapotumiwa kwa jumla, na "kiwanja" pale linapotaja hicho kinachouzwa. Ukishaamua, shikilia uamuzi huo mpaka ukurasa wa mwisho. Hati nyingi za sasa hutumia "le BIEN" kwa herufi kubwa baada ya kulifafanua mara moja. Nawe lifafanue mara moja, "MALI", kwa herufi kubwa vilevile, usije ukaita mali ukurasa huu, kiwanja ukurasa ule na ardhi ukurasa wa tatu. Msomaji wa hati huamini kwamba jina likibadilika, kitu nacho kimebadilika.

Ugonjwa huo huo una ndugu zake. "Meubles" ni mali zinazohamishika, wala si lazima ziwe samani. "Bien propre" ni mali binafsi ya mmoja wa wanandoa, haihusiani na usafi. "Minute" ni hati asili inayobaki ofisini kwa notari. Ukikuta katika tafsiri dakika au usafi mahali pasipotarajiwa, rudi kwenye Kifaransa papo hapo.

Kisha kuna kile kifungu kirefu kinachofuata maelezo ya mali: "Tel que le BIEN existe, s'étend, se poursuit et comporte, avec toutes ses aisances, dépendances et immeubles par destination, servitudes et mitoyenneté…" Wapo wanaokifupisha kuwa "pamoja na kila kilichomo", wakidhani ni mapambo. Si mapambo. Kinasema mali inauzwa kama ilivyo leo, pamoja na vinavyoambatana nayo, haki na mizigo yake, ukiwemo ukuta au ua unaomilikiwa kwa pamoja na jirani. Kifasiri chote: "Kama MALI ilivyo, inavyoenea na inavyoendelea, pamoja na vyote vinavyoambatana nayo, vifaa ambavyo sheria huvihesabu kuwa sehemu ya mali isiyohamishika, haki na mizigo kati yake na ardhi jirani, na kuta au ua wa pamoja." Sentensi ni nzito, lakini hata ya Kifaransa ni nzito.

Dalili ya pili: "Ekari kumi na mbili kwa yuro 60,000?"

Kosa hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu tafsiri husomeka vizuri kabisa na namba zote zipo. Tazama maelezo ya kiwanja katika rasimu yetu:

```
Section  N°   Lieudit             Surface
AB       214  Le Champ du Puits   00 ha 12 a 45 ca
AB       215  Le Champ du Puits   00 ha 01 a 08 ca
Total surface : 00 ha 13 a 53 ca
```

Hiyo "a" si ekari. Ni ari, kipimo cha mita za mraba 100. "Ha" ni hekta, yaani ari 100, na "ca" ni sentiari, ambayo ni mita moja ya mraba. Kipande namba 214 kina ari 12 na sentiari 45, yaani mita za mraba 1,245. Kipande namba 215 kina ari 1 na sentiari 8, yaani mita za mraba 108. Jumla ni 1,353. Msomaji wa Mombasa aliyezoea kiwanja cha futi hamsini kwa mia, ambacho ni mita za mraba 464 na ushee, ataona mara moja kwamba hiki ni karibu viwanja vitatu vya namna hiyo, au theluthi moja ya ekari. Mfasiri akiandika ekari 12, amekuza kipande cha kwanza mara arobaini hivi.

Kosa la pili la vipimo ni la sifuri. "01 a 08 ca" likinakiliwa kama "1 a 8 ca", halafu mtu akaziunganisha tarakimu bila kufikiri, kipande cha mita 108 huwa cha mita 18. Ili kulinasa, geuza kila mstari kuwa mita za mraba peke yake, jumlisha, kisha geuza jumla ya Kifaransa peke yake. Majibu mawili yakitofautiana, kuna tarakimu imepotea mahali fulani. Na kama kosa limo ndani ya hati ya Kifaransa yenyewe, usilirekebishe kimyakimya. Fasiri kama ilivyo, weka maelezo ya mfasiri ndani ya mabano ya mraba, na mwambie aliyekupa kazi amjulishe notari kabla ya siku ya kusaini.

Katika tafsiri, acha jedwali lilivyo pamoja na vipimo vyake, kisha ongeza mstari mmoja chini: "yaani mita za mraba 1,353 kwa jumla". Herufi za sehemu na namba za vipande haziguswi. Jina la mahali nalo haliguswi. Le Champ du Puits maana yake ni Shamba la Kisima, na inavutia kulifasiri, lakini hapa ni sehemu ya anwani ya kipande katika ramani ya kodi ya ardhi. Ukiandika Shamba la Kisima, binti hatalikuta popote kwenye ramani iliyoambatishwa, na pengine atauliza kisima kiko upande gani.

Neno "contenance" nalo hupotosha. Linafanana na ujazo, lakini hapa ni ukubwa wa eneo. Na linakuja na kifungu chenye mtego wa sarufi: muuzaji hatoi dhamana ya ukubwa, na tofauti yoyote, "excédât-elle un vingtième", itakuwa faida au hasara ya mnunuzi. Umbo hilo la kitenzi ni la kizamani na maana yake ni "hata kama inazidi sehemu moja ya ishirini". Nimeona likifasiriwa "ikiwa itazidi sehemu moja ya ishirini", na hapo kifungu hubadilika kabisa.

Sheria ya Kifaransa, katika kifungu cha 1619 cha Kanuni ya Madai, huruhusu kudai marekebisho ya bei ikiwa tofauti kati ya ukubwa wa kweli na ulioandikwa inafika sehemu moja ya ishirini, isipokuwa wahusika wakubaliane vingine. Kwa kiwanja chetu, sehemu hiyo ni mita za mraba 67 na kidogo. Kifungu cha hati ndiyo makubaliano hayo mengine: kinafuta haki hiyo hata tofauti ikiwa mita 100. Anayesoma "ikiwa itazidi" anaelewa kwamba tofauti ndogo bado ina dawa. Anayesoma "hata kama inazidi" anaelewa kwamba hakuna dawa.

Hapo kuna sababu ya kweli ya tahadhari. Ukubwa ulioandikwa kwenye ramani ya kodi ni wa kutoza kodi, na hauthibitishi mipaka. Kinachoweka mpaka ni "bornage", upimaji unaofanywa na mpimaji wa ardhi mwenye leseni na kukubaliwa na majirani, mawe ya mpaka yakiwekwa ardhini. Kwa hiyo usifasiri "bornage" kama "uzio" wala "ramani". Andika "upimaji na uwekaji wa mawe ya mipaka", na uangalie kama hati inasema umefanyika au haujafanyika.

Dalili ya tatu: "Nina robo. Mbona wananihesabia 10,500 badala ya 15,000?"

Rasimu inasema mama ana "la moitié en pleine propriété et la moitié en usufruit", na kila mtoto ana "un quart en nue-propriété". Tafsiri ya haraka husema mama ana nusu na kila mtoto robo, na hesabu inaonekana imekaa sawa: nusu, robo, robo. Binti anagawa 60,000 kwa nne, anapata 15,000, kisha anapigiwa simu na kuambiwa kiasi kingine. Ugomvi wa kifamilia umeanza, na chanzo chake ni maneno mawili yaliyoachwa nje ya tafsiri.

Tuanze na asili ya mafungu hayo. Wanandoa hawa hawakuandikiana mkataba wa ndoa, kwa hiyo kiwanja walichonunua katika ndoa kilikuwa mali yao ya pamoja. Nusu ni ya mama tangu awali, wala hakuirithi. Nusu ya marehemu ndiyo mirathi. Sheria ya Ufaransa humpa mjane ambaye watoto wote wa marehemu ni wake pia nafasi ya kuchagua: robo ya mirathi kwa umiliki kamili, au haki ya matumizi na mapato ya mirathi yote. Mama huyu amechagua la pili. Watoto wamebaki na ile sehemu nyingine ya umiliki wa nusu ya baba, kila mmoja robo ya kiwanja kizima, isiyo na matumizi wala mapato mpaka mama afariki.

Kwa hiyo fasiri hivi: "pleine propriété", umiliki kamili, "usufruit", haki ya matumizi na mapato maisha yake yote, "nue-propriété", umiliki usio na matumizi wala mapato. Majina hayo ni marefu, lakini msomaji akiyasoma anaelewa nani ana nini. Epuka kuita "nue-propriété" umiliki peke yake. Epuka pia "jouissance" kuwa starehe au kufurahia: ni kuanza kutumia mali na kupata mapato yake. Hati inaposema mnunuzi anapata "la jouissance" kuanzia leo kwa kuikamata mali mkononi, na kwamba mali ni "libre de toute location ou occupation", inasema hakuna mpangaji wala mkaaji. "Huru" peke yake haitoshi, kwani msomaji anaweza kudhani haina deni.

Sasa zile 10,500. Kifungu cha 621 cha Kanuni ya Madai kinasema mali ikiuzwa na mwenye matumizi na mwenye umiliki kwa pamoja, bei hugawanywa kwa kufuata thamani ya kila haki. Wengi hutumia jedwali la kodi linalofuata umri: mwenye haki ya matumizi aliyefikia miaka 71 na hajafikia 81 huhesabiwa asilimia 30, na umiliki uliobaki asilimia 70. Nusu ya mama ni yuro 30,000. Nusu ya mirathi ni 30,000 nyingine, ambayo asilimia 30 yake, yaani 9,000, ni ya mama, na 21,000 ni ya watoto wawili. Kila mtoto anapata 10,500, na mama kwa jumla 39,000. Wahusika wanaweza kukubaliana kipimo kingine cha thamani, kwa hiyo soma hati inasema nini kabla ya kutumia jedwali hili.

Angalia pia kama kuna maneno "report de l'usufruit sur le prix". Yakiwemo, bei haigawanywi kwanza: mama huendelea kuwa na haki ya matumizi juu ya fedha zile, na watoto husubiri mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa binti aliyepanga kulipia karo na fedha hizo, sentensi hiyo moja ina uzito kuliko hati nzima. Ikiwemo, mwonyeshe kwa kidole.

Kwa wasomaji wa Pwani kuna jambo la kuongeza. Aliyezoea hesabu ya mirathi ya Kiislamu, ambamo mjane mwenye watoto hupata thumni na mtoto wa kiume hupata maradufu ya wa kike, ataona mafungu haya yamekosewa. Mfasiri hana ruhusa ya kuyasawazisha, wala ya kumwambia msomaji yepi ni bora. Anachoweza ni kuandika maelezo mafupi chini: mafungu haya yanatokana na sheria ya Ufaransa na uamuzi wa mjane.

Kadhalika usitumie "hatimiliki" au "haki ya kumiliki ardhi" kama tafsiri ya "pleine propriété" ikiwa msomaji ni wa Tanzania. Huko ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa muda ambao kikomo chake ni miaka 99. Umiliki kamili wa Kifaransa hauna kikomo cha muda. Msomaji akikutana na neno analolijua, ataleta na masharti yake yote.

Swali linaloambatana na hili ni "Muuzaji ni nani kati yetu?" Hati huwaita wote watatu "le VENDEUR", kwa umoja, baada ya kueleza mwanzoni kwamba neno hilo linawahusu wote "solidairement". Weka MUUZAJI kwa umoja kama ilivyo, lakini lile neno la mwanzoni lifasiri lote: "kwa pamoja, na kila mmoja akiwajibika kwa wajibu wote". "Kwa pamoja" peke yake humfanya binti aamini kwamba anawajibika kwa robo yake tu.

Dalili ya nne: "Kiwanja kina utumwa?"

Nimelisikia swali hili na lilinihuzunisha, kwa sababu mwanamke aliyeuliza alikuwa amekosa usingizi kwa ajili yake. "Servitude" katika kamusi ya kawaida ni utumwa. Katika hati ya ardhi ni mzigo juu ya kipande kimoja kwa faida ya kipande kingine, kama njia, bomba la maji au haki ya kupitisha waya. Kwa kiwanja chetu: mwenye kipande jirani namba 216 ana haki ya kupita juu ya kipande namba 215 kwa miguu na kwa gari, wakati wowote, kwenye ukanda wenye upana wa mita 4 ulio kando ya mpaka wa kaskazini.

Kuna maneno matatu hapa yanayokosewa pamoja. "Fonds" kwa s ya mwisho, katika mazungumzo ya benki, ni fedha, lakini hapa ni ardhi. "Fonds servant" ni ardhi inayobeba mzigo, na "fonds dominant" ni ardhi inayonufaika. "Assiette" mezani ni sahani. Katika kifungu hiki ni sehemu ya ardhi ambamo haki inatumika, yaani ule ukanda wa mita 4.

Hata maneno yote yakiwa sahihi, tafsiri inaweza kugeuza pande. Kiswahili chenye vitenzi vya kutendewa vinavyofuatana, "ardhi inayopitiwa kutoka inayopitishiwa", humchosha msomaji mpaka asijue nani anapita wapi. Dawa ni kutaja namba kila mara: "Kipande AB 215, kinachobeba mzigo, kinapitwa na mwenye kipande AB 216." Kisha fungua ramani iliyoambatishwa na umwombe msomaji aonyeshe kwa kidole mguu wa jirani unakanyaga wapi. Akionyesha 216, pande zimegeuka.

Hakikisha pia tafsiri inabeba "réelle et perpétuelle". Maana yake ni kwamba haki inafuata ardhi, si mtu, na haina mwisho wa muda: jirani akiuza, mnunuzi wake ataipata, na wauzaji wetu wakiuza, mnunuzi wao atabeba mzigo. Usiandike "ya kweli na ya milele". Andika "inayoambatana na ardhi yenyewe na isiyo na kikomo cha muda".

Dalili ya tano: "Wanasema nimeshapokea taslimu. Noti alipewa nani?"

Kifungu cha bei kinasema bei ni "payée comptant ce jour, ainsi qu'il résulte de la comptabilité de l'office notarial", na muuzaji anatoa "quittance". Mfasiri anaandika "imelipwa taslimu leo", na binti anaona noti zikihesabiwa mezani na yeye hayupo. "Comptant" maana yake ni yote kwa mkupuo, pasipo awamu. Haisemi chochote kuhusu noti. Katika mauzo ya namna hii fedha hupita kwa hawala ya benki kuingia akaunti ya notari, kisha notari huwalipa wauzaji baada ya kutoa anachopaswa kutoa, kwa mfano deni lililowekewa rehani juu ya mali.

Fasiri: "Bei yote imelipwa leo kwa mkupuo mmoja, kama inavyoonekana katika hesabu za ofisi ya notari." Na "quittance": "MUUZAJI anakiri kulipwa na hamdai mnunuzi chochote tena." Jambo hili la mwisho lieleweke vizuri. Baada ya sahihi, fedha isipofika Mombasa, binti hatamfuata mnunuzi; ataulizia ofisi ya notari. Ndiyo maana inafaa aangalie kwamba hati ya uwakilishi inataja akaunti yake ya benki bila kosa.

Lakini ukikuta "hors la comptabilité" au "hors la vue du notaire", hali ni nyingine kabisa. Maneno hayo yanasema fedha, zote au sehemu, zililipwa nje ya hesabu za notari, naye hakushuhudia. Yafasiri kwa ukamilifu na usiyalainishe.

Tarakimu nazo ziangalie. Kifaransa huandika 60 000,00 au 60.000,00, na mkato ndio unaotenga senti. Kwa wasomaji wetu andika 60,000.00. Kiasi huandikwa pia kwa maneno, na hapo namba za Kifaransa huteleza: "soixante-quinze mille" ni 75,000, na "quatre-vingt-quinze mille" ni 95,000. Soma maneno kwanza, andika tarakimu zako, kisha ndipo ulinganishe na tarakimu za hati.

Dalili ya sita: "Huyu wakili ni wa kwetu au wa mnunuzi?"

Hati huanza na "Pardevant Maître…", kisha jina la notari. Mawakili Ufaransa pia huitwa "Maître", na kwa Kiswahili mfasiri huangukia "Wakili". Notari ni afisa wa umma aliyeteuliwa na serikali, naye hamtetei upande wowote. Kuandika kwake ndiko kunakoipa hati nguvu ya kisheria. Andika "Mbele ya Notari", na mara ya kwanza ongeza maelezo: "afisa wa umma anayeandika na kuhifadhi hati". Notari wa Afrika Mashariki kwa kawaida ni wakili anayethibitisha sahihi na nakala, kwa hiyo maelezo hayo yanahitajika hata kama neno ni lile lile.

Mahali hapo hapo msomaji wa Kenya au Tanzania huuliza jina litabadilishwa lini. Hati inasema mnunuzi ni mmiliki "à compter de ce jour", kuanzia leo. Notari kisha huipeleka kwenye ofisi iitwayo "service de la publicité foncière", ili watu wengine wasiweze kudai kwamba hawakujua. Iite "ofisi ya usajili wa hati za ardhi". Katika sehemu ya asili ya umiliki utakuta rejea kama "volume 2009P, numéro" na tarakimu. Nakili herufi kwa herufi. Ukikuta hati ya zamani inataja "conservation des hypothèques", ni ofisi ile ile kwa jina lililotumika mpaka mwisho wa mwaka 2012.

Dalili ya saba: tafsiri inaisha kabla ya hati

Hesabu kurasa. Ukurasa wa mwisho una "DONT ACTE", yaani "na hayo ndiyo yaliyomo katika hati hii", idadi ya kurasa, na katika hati za karatasi orodha fupi ya nyongeza zilizokubaliwa pembeni, nafasi zilizopigwa mstari, na mistari, maneno na tarakimu zilizofutwa. Wafasiri huiruka. Orodha hiyo ndiyo inayosema kama neno lililokatwa ukurasa wa 4 lilikatwa kwa ridhaa ya wote. Ifasiri yote, hata kila mstari ukiwa na sifuri, na mahali palipo na sahihi au muhuri andika [sahihi] na [muhuri] bila kukisia jina lisilosomeka.

Viambatisho vihesabu pia: ramani, hati ya uwakilishi, majibu ya manispaa kuhusu haki yake ya kununua kwanza. Kila kimoja kifasiriwe, au kiandikwe wazi kuwa kipo na hakikufasiriwa. Binti wa Mombasa atapata hati yenye sahihi kwa Kifaransa, na siku akitaka kulinganisha, ukurasa wa 7 wa tafsiri uwe ndio ukurasa wa 7 wa hati.